Kwa Nini PDF Moja Inaonekana Tofauti Kwenye Kivinjari, Simu na Kompyuta: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo na Kukirekebisha

Umeandaa fomu, umeikagua kwenye kompyuta, iko safi. Umeituma. Baada ya dakika chache mtu anakurudishia picha ya skrini ya simu yake: herufi zimebanana, alama za vema zimegeuka kuwa "ü", na majina uliyoyajaza hayapo. Wengi hapo huanza kuibadilisha fomu yenyewe: wanapunguza ukubwa wa herufi, wanapanua jedwali, wanatuma tena, na tatizo linabaki pale pale. Tatizo haliko kwenye mpangilio. Liko kwenye vitu ambavyo faili halikubeba.

PDF si picha ya ukurasa. Ni orodha ya maagizo: weka herufi hii hapa, kwa fonti hii, kwa ukubwa huu, chora mstari kutoka hapa hadi pale. Agizo likiwa kamili, visomaji vyote vinachora karibu kitu kile kile. Agizo likiwa na pengo, kila kisomaji kinaliziba kwa kile kilichonacho chenyewe, na hapo ndipo tofauti zinapozaliwa. Kazi yetu ni kulitafuta pengo hilo na kuliziba kabla faili halijatoka mikononi mwetu.

Mfano tutakaoufuata ni fomu ya kujiunga na shule ya sekondari: kurasa tatu, jedwali la ada, orodha ya mahitaji yenye alama za vema, na sehemu za kujaza jina la mwanafunzi na la mzazi. Nimeichagua kwa sababu fomu za namna hii huandaliwa ofisini kwenye kompyuta na kusomwa na wazazi kwenye simu, na kosa dogo kwenye safu ya ada linamgharimu mtu.

## Unachohitaji

- PDF yenye shida, na faili asilia ilikotoka (la Word au LibreOffice), kama unalo.
- Kompyuta yenye Adobe Acrobat Reader, pamoja na Chrome au Firefox.
- Simu moja ya Android, hata ya bei nafuu. Hii ndiyo itakuwa shahidi wako.
- Programu mbili ndogo za bure: `pdffonts`, inayokuja ndani ya kifurushi cha Poppler, na `qpdf`.

Kwenye Ubuntu au Debian, zote mbili zinapatikana kwa amri moja:

```
sudo apt install poppler-utils qpdf
```

Kama uko kwenye Windows na hutaki kuandika amri, hatua za fonti unaweza kuzifanya ndani ya Reader yenyewe, nitaonyesha wapi. Kwa sehemu za kujaza, `qpdf` ina toleo la Windows pia.

## Hatua ya 1: Hakikisha mnaangalia faili moja

Inaonekana hatua ya bure, lakini inaokoa muda mwingi. Mara nyingi aliyelalamika amefungua toleo la wiki iliyopita lililobaki kwenye simu yake, au amefungua kitu ambacho si PDF tena.

Ulizia mambo mawili. Kwanza, ukubwa wa faili na jina lake kamili. Ukitaka uhakika usio na shaka, piga alama ya utambulisho ya faili. Kwenye Linux:

```
sha256sum fomu.pdf
```

Kwenye Windows:

```
certutil -hashfile fomu.pdf SHA256
```

Mfuatano wa herufi na tarakimu ukilingana kwa faili zote mbili, faili ni lile lile hadi nukta ya mwisho. PDF iliyotumwa WhatsApp kama hati inafika bila kubadilishwa, hivyo usiilaumu njia ya kutuma kabla hujapima.

Pili, uliza limefunguliwa kwa programu gani. Mtu akifungua PDF ndani ya Google Docs au Word, programu hiyo inaisoma na kuiandika upya kama hati ya kuhariri. Anachokiona ni tafsiri ya PDF, na mpangilio kuvurugika hapo ni jambo la kutarajiwa. Vivyo hivyo Adobe Acrobat ya simu ina kitu kinaitwa Liquid Mode: kinavunja ukurasa na kuupanga upya ili usomeke kwenye skrini nyembamba. Aizime kwanza, ndipo mlinganishe.

Umefaulu hatua hii pale ambapo faili ni moja, na kila upande unaliona kwenye kisomaji cha kweli cha PDF. Kama tofauti imekwisha, kazi imekwisha pia.

## Hatua ya 2: Itambue tofauti kwa sura yake

Fungua ukurasa mmoja kwenye simu, kwenye Chrome na kwenye Reader, halafu piga picha za skrini na uziweke pamoja. Usisome maneno, tazama umbo. Unachokiona kinakuelekeza kwenye hatua ya kwenda.

Herufi zimebanana, zimeachana, au zimebadilika sura, au alama zimegeuka herufi ngeni: ni fonti. Nenda hatua ya 3.

Ukurasa uko sawa, ila ulichojaza kwenye visanduku kinaonekana sehemu moja na sehemu nyingine ni vitupu: ni sehemu za kujaza. Nenda hatua ya 5.

Ukurasa wote umebadilishwa na ujumbe wa Kiingereza unaoanza na "Please wait...": ni fomu ya aina ya XFA. Nenda hatua ya 6.

Rangi ya nembo imepauka au imekoza, au mistari ya jedwali ni minene huku na myembamba kule: soma hatua ya mwisho, kwa kuwa hapo kuna mengine ya kurekebisha na mengine ya kuyakubali.

Faili moja linaweza kuwa na matatizo mawili kwa pamoja. Fomu yetu ya shule ina la fonti na la sehemu za kujaza, na ni vema kuanza na fonti kila mara. Ukianza kugandisha sehemu za kujaza, yaani kuzigeuza kuwa maandishi ya kawaida ya ukurasa, kabla fonti hazijakaa sawa, utairudia kazi.

## Hatua ya 3: Soma orodha ya fonti

Andika:

```
pdffonts fomu.pdf
```

Kwa fomu yetu, jibu ni hili:

```
name              type      encoding  emb sub uni object ID
----------------- --------- --------- --- --- --- ---------
Calibri           TrueType  WinAnsi   no  no  no      8  0
Calibri,Bold      TrueType  WinAnsi   no  no  no     11  0
Wingdings         TrueType  Builtin   no  no  no     14  0
BCDHEE+Cambria    TrueType  WinAnsi   yes yes no     17  0
```

Safu ya kuangalia ni ile ya `emb`. Inakuambia kama fonti imepachikwa ndani ya faili. `yes` maana yake umbo la herufi limo ndani ya PDF na linasafiri nalo popote. `no` maana yake faili linabeba jina la fonti tu, na kisomaji kitajitafutia umbo lenyewe.

Safu ya `sub` ikiwa `yes`, fonti imepachikwa kwa sehemu: zimo zile herufi zilizotumika tu. Hilo ni jambo la kawaida na zuri, linapunguza ukubwa wa faili. Herufi sita kubwa na alama ya kujumlisha mbele ya jina, kama `BCDHEE+`, ni dalili ya hilo hilo.

Kwenye Reader bila amri: fungua faili, bonyeza Ctrl+D, kisha nenda kwenye kichupo cha Fonts. Fonti iliyopachikwa ina maneno "Embedded" au "Embedded Subset" pembeni yake. Isiyo na maneno hayo haikupachikwa, na mara nyingi chini yake utaona "Actual Font", yaani fonti ambayo Reader imeitumia badala yake. Kama jina hilo ni Adobe Sans MM au Adobe Serif MM, basi hata hapo kwenye kompyuta unatazama mbadala bila kujua.

### Kinachotokea fonti isipokuwemo

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu ukielewa jambo hili utaacha kubahatisha.

Hata fonti isipopachikwa, PDF kwa kawaida inabeba upana wa kila herufi. Calibri ni fonti nyembamba: herufi "a" ina upana wa 0.479 ya ukubwa wa fonti. Kwa maandishi ya pointi 11, "a" moja inachukua takriban pointi 5.3. Faili limeandikwa kwa hesabu hiyo: "a" inaanza hapa, herufi inayofuata inaanza pointi 5.3 mbele.

Sasa faili linafika kwenye simu ya Android. Calibri ni fonti ya Microsoft na kwa kawaida haimo kwenye simu hiyo. Kisomaji kinachukua fonti nyingine isiyo na vikono, tuseme yenye vipimo vya Arial. Kwenye Arial, "a" ina upana wa 0.556, yaani pointi 6.1. Nafasi ni ya pointi 5.3, umbo ni la pointi 6.1. Kuna visomaji vinavyolibana umbo hadi liingie, na maandishi yanaonekana yamekondeana. Vingine vinaliacha lilivyo, na herufi zinapandiana. Kiswahili kinaumia zaidi hapo kwa kuwa "a" haikauki kwenye maneno yetu: andika "mahafali ya darasa la saba" uone herufi hiyo inavyojirudia.

Kwenye jedwali la ada hali ni mbaya zaidi, kwa sababu tarakimu za Calibri nazo ni nyembamba kuliko za Arial. Kiasi cha 1,250,000 kilichokaa vizuri kwenye safu yake kinabanana, na mzazi anayesoma kwenye skrini ndogo anaweza kushindwa kuhesabu sifuri.

Wingdings ina kisa chake. Kwenye fonti hiyo, alama ya vema imekaa mahali ambapo fonti za kawaida zina herufi "ü", na kinukta cha mraba kimekaa mahali pa "§". Kisomaji kisicho na Wingdings na kisichojua pa kupata mbadala wake kinachora kilichopo kwenye fonti ya kawaida. Kwa hiyo orodha ya "✓ Godoro, ✓ Ndoo, ✓ Fagio" inasomeka "ü Godoro, ü Ndoo, ü Fagio". Ukiona "ü" mwanzoni mwa kila mstari huna haja ya kutafuta zaidi. Ni Wingdings isiyopachikwa.

Na kwa nini kwako ilionekana safi kwenye Reader na hata kwenye Chrome? Kwa sababu kompyuta yako ina Calibri na Wingdings. Visomaji vyote viwili vilizikopa kutoka kwenye Windows. Ndiyo maana kupima kwa visomaji vitatu kwenye kompyuta hiyo hiyo hakukuambii kitu kuhusu fonti. Simu haijaharibu faili. Imelionyesha jinsi lilivyo bila msaada wa kompyuta yako.

Kwenye Linux unaweza kujua mapema fonti gani itatumika kwenye kompyuta hiyo badala ya ile iliyokosekana:

```
pdffonts -subst fomu.pdf
```

Angalizo: utakutana na mafaili yenye Helvetica, Times au Courier ambazo hazijapachikwa, hasa ankara na risiti zinazotolewa na mifumo ya kompyuta. Hizo ni miongoni mwa fonti 14 za msingi ambazo tangu zamani kila kisomaji kilitakiwa kuwa nazo au kuwa na mbadala wenye vipimo sawa. Hazivunji mpangilio, ila umbo litatofautiana kidogo. Nami nasema zipachikwe hata hivyo, kwa kuwa gharama yake ni kilobaiti chache tu.

## Hatua ya 4: Pachika fonti, kuanzia kwenye asili

Rekebisha faili asilia, usihangaike na PDF kama asili unayo.

Kwenye Word ya Windows: File, kisha Save As, chagua PDF, halafu bonyeza Options. Weka alama kwenye "PDF/A compliant". Kwenye matoleo ya zamani imeandikwa "ISO 19005-1 compliant (PDF/A)". PDF/A ni aina ya PDF iliyotengenezwa kwa ajili ya kuhifadhi nyaraka kwa miaka mingi, na sheria yake mojawapo ni kwamba fonti zote lazima ziwemo ndani.

Kwenye LibreOffice: File, Export As, Export as PDF. LibreOffice hupachika fonti bila kuombwa. Kama nyaraka ni ya kusomwa tu, weka alama pia kwenye Archive (PDF/A).

Angalizo la kwanza: kwenye Word kuna chaguo la "Embed fonts in the file" chini ya File, Options, Save. Watu wengi huliwasha wakiamini wamemaliza. Hilo linahusu faili la Word lenyewe, si PDF inayotoka humo.

Angalizo la pili: kama PDF ilitoka kwa programu ya kuchapa kwenda PDF, tazama mipangilio yake ya fonti. Baadhi, hasa za zamani, zimewekwa zisipachike fonti za kawaida za Windows ili faili liwe dogo. Fomu yetu ya mfano iliharibikia hapo: Cambria ilipachikwa, Calibri na Wingdings zikaachwa kwa kudhaniwa kila mtu anazo.

Angalizo la tatu: mtu akifungua PDF/A kwenye Reader ataona mstari juu unaosema faili "claims compliance with the PDF/A standard" na kwamba limefunguliwa kwa kusomwa tu. Si hitilafu. Waambie mapema unaowatumia, la sivyo watakupigia simu.

### Kama huna faili asilia

Tafuta kompyuta ambayo PDF inaonekana sawasawa, yaani yenye fonti zinazotakiwa. Ifungue kwenye Reader, chagua Print, na kwenye orodha ya printa chagua Microsoft Print to PDF. Bonyeza Advanced uhakikishe "Print As Image" haina alama. Faili jipya litabeba fonti zilizotumika hapo.

Njia hii ina gharama: viungo vya kubonyeza vinapotea, sehemu za kujaza zinakuwa maandishi tu, na sahihi ya kidijitali haibaki. Kwa hiyo ni ya nakala ya mwisho ya kusomwa, si ya fomu tupu ya kujazwa.

Usifanye hivi kwenye kompyuta isiyo na fonti husika. Utapachika mbadala, na kosa litakuwa la kudumu.

### Utajuaje umefaulu

Rudia `pdffonts` kwenye faili jipya. Kila mstari uwe na `yes` chini ya `emb`, kama huu:

```
name              type      encoding  emb sub uni object ID
----------------- --------- --------- --- --- --- ---------
BCDEEE+Calibri    TrueType  WinAnsi   yes yes no      5  0
```

Kisha fungua kwenye simu na uangalie sehemu tatu: safu ya tarakimu, orodha yenye alama, na aya yenye maneno ya "ng'" kama "ng'ambo" au "Ng'wanza", kuhakikisha alama ya juu imekaa mahali pake. Zikiwa sawa, fonti zimekwisha.

## Hatua ya 5: Majibu yanayotoweka kwenye visanduku

Mzazi amejaza fomu kwenye kompyuta ya rafiki yake. Kwenye programu aliyotumia majina yanaonekana. Mwalimu anaifungua kwenye simu: visanduku vitupu. Anamjibu mzazi kwamba hakujaza, na mzazi anaapa alijaza. Wote wawili wanasema kweli.

Kila sehemu ya kujaza kwenye PDF inahifadhi vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni thamani, yaani maneno yenyewe: "Jina la mzazi ni fulani". Cha pili ni mwonekano, yaani mchoro mdogo wa jinsi maneno hayo yanavyokaa ndani ya kisanduku. Programu nzuri ikipokea jibu inaandika vyote viwili. Programu nyingine zinaandika thamani peke yake, halafu zinaacha alama ndani ya faili inayosema: atakayefungua achore mwonekano mwenyewe.

Reader inaitii alama hiyo na kuchora. Kisomaji chepesi cha simu kinaweza kuchora mwonekano uliopo tu, na kama haupo hakichori kitu. Wakati mwingine mwonekano wa zamani upo, na hapo utaona jibu la awali badala ya lile jipya, jambo la hatari kuliko kisanduku kitupu kwa sababu hakuna atakayeshtuka.

Kagua hivi:

```
qpdf --json --json-key=acroform fomu-iliyojazwa.pdf
```

Tafuta neno `needappearances`. Likifuatiwa na `true`, faili linangoja kuchorewa. Kwenye orodha ya sehemu utaona pia `value` ya kila moja. Ukiliona jina la mzazi hapo, jibu lipo salama ndani ya faili. Kilichokosekana ni mchoro wake. Mwalimu asimwambie mzazi ajaze upya.

Kuchora na kugandisha kwa pamoja:

```
qpdf --generate-appearances --flatten-annotations=all fomu-iliyojazwa.pdf fomu-tayari.pdf
```

Chaguo la kwanza linachora mwonekano kutoka kwenye thamani. La pili linauhamishia mchoro kwenye ukurasa wenyewe, kama maandishi mengine yote. Baada ya hapo hakuna cha kujaza wala cha kungoja, na kisomaji chochote kitaonyesha jina.

Hifadhi faili la awali. Lililogandishwa halirudi kuwa fomu, na kama lilikuwa na sahihi ya kidijitali, sahihi hiyo itahesabika imevunjwa.

`qpdf` ina mipaka yake kwenye kuchora. Inafanya vizuri kwa majibu mafupi ya mstari mmoja kwa herufi za kawaida. Sehemu ya maelezo marefu, au majibu ya Kiarabu, inaweza kutoka vibaya. Kwa hizo, fungua fomu kwenye Reader na uichape kwenda Microsoft Print to PDF kama kwenye hatua ya 4. Reader itachora, na printa itagandisha.

Kama wewe ndiye unayetengeneza fomu, chunguza fonti ya visanduku pia. Fonti iliyopachikwa kwa sehemu ina herufi zilizokuwepo wakati wa kutengeneza tu. Kisanduku kinachotumia fonti kama hiyo kinaweza kukosa herufi anazoandika mzazi, na jina likatoka na matundu. Kwa sehemu za kujaza, tumia fonti ya msingi kama Helvetica, au pachika fonti nzima. Hapa ndipo mahali pekee ambapo Helvetica isiyopachikwa inakubalika kwangu.

Umefaulu pale ambapo jibu linaonekana kwenye simu bila kugusa kisanduku. Zingatia hilo la kutogusa: visomaji vingine vinachora jibu pale tu unapobonyeza ndani ya sehemu, na mtu akiona limejitokeza anadhani mambo yako sawa.

## Hatua ya 6: Ujumbe wa "Please wait..."

Ukurasa mzima una aya moja ya Kiingereza inayosema kama ujumbe huu hautabadilishwa na maudhui halisi, huenda kisomaji chako hakiwezi kuonyesha aina hii ya nyaraka. Watu wanangoja kweli. Hakuna kinachopakuliwa, ukurasa huo ndio PDF yote ambayo kisomaji chako kimeielewa.

Fomu ya XFA inabeba maudhui yake kwa lugha nyingine kabisa, ndani ya ganda la PDF. Kisomaji kinachoijua lugha hiyo kinalitupa ganda na kuonyesha fomu. Kisichoijua kinaonyesha ganda. Waswahili wengi wanakutana na jambo hili kwenye fomu za uhamiaji za Kanada, kwa mfano IMM 5257 ya viza ya matembezi.

Kuthibitisha:

```
qpdf --qdf --object-streams=disable fomu.pdf - | grep -a XFA
```

Mstari wowote wenye `/XFA` ukitokea, ndiyo yenyewe.

Suluhisho si kurekebisha faili. Lipakue kwenye kompyuta badala ya kulifungua ndani ya kivinjari: bonyeza kiungo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kuhifadhi, kisha lifungue kwa Adobe Acrobat Reader. Firefox tangu toleo la 93 inaweza kuonyesha fomu nyingi za aina hii, lakini kwa fomu ya serikali yenye ukaguzi wa ndani na misimbo ya kuchanganuliwa mwishoni, usiiamini kuijaza. Simu iache kabisa.

Usiichape kwenda PDF ili "kuirahisisha" kabla ya kuiwasilisha. Ofisi inayoipokea inasoma data iliyo ndani, na nakala iliyochapwa haina data hiyo.

Na kama ofisi yako bado inatoa fomu za XFA, ni wakati wa kuziacha. Kiwango cha PDF 2.0 kimeitangaza XFA kuwa kitu kilichopitwa na wakati, na kila mwenye simu pekee anafungiwa mlango.

## Hatua ya 7: Rangi na mistari

Nembo iliyotengenezwa kwa rangi za wino wa kuchapia, yaani CMYK, lazima igeuzwe kuwa rangi za skrini, yaani RGB. Reader inaigeuza kwa kufuata maelezo ya rangi yaliyokubalika kwenye uchapaji. Visomaji vingine vinatumia hesabu ya mkato, na kijani cha shule kinang'aa kupita kiasi. Kama faili ni la kusomwa kwenye skrini, hifadhi nembo kwa RGB kabla ya kuiweka kwenye hati. Kama linakwenda kwa mpiga chapa, liache kwenye CMYK na usihukumu rangi kwa macho kwenye simu.

Mistari myembamba ya jedwali ni suala la kisomaji. Reader ina chaguo la "Enhance thin lines" kwenye Preferences, Page Display, linaloinenepesha mistari ili isipotee. Ndiyo maana jedwali lile lile huonekana zito kwenye Reader na jepesi kwenye Chrome. Ukiweka mistari yako kwenye pointi 0.5 au zaidi badala ya ile nyembamba kuliko zote, tofauti hiyo inapungua sana.

Ulaini wa kingo za herufi hautalingana kati ya skrini mbili, hata faili likiwa kamili. Usitumie muda hapo. Kuza ukurasa hadi asilimia 400 kwenye kila kisomaji: kama herufi zina umbo lile lile na zinaanza mahali pale pale, faili lako liko tayari kutumwa.